Kuwinda gawio: kwa nini hisa hushuka siku ambayo ungetarajia kuvuna

Kila msimu wa matokeo ya mwaka, kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam na lile la Nairobi hutangaza gawio, na kila mara wazo lilelile huwajia watu wengi. Kampuni imesema italipa shilingi kadhaa kwa hisa. Tarehe ya kufunga daftari la wanahisa inajulikana. Kwa nini nisinunue siku chache kabla ya daftari kufungwa, jina langu likaingia, kisha nikauza mara moja na kubaki na gawio? Kwa nini nikae na hisa mwaka mzima kwa malipo ninayoweza kuyapata ndani ya wiki moja?

Wazo hili ni la zamani katika masoko yote ya hisa, na wapo wanaolifanya kuwa kazi yao. Kwa mwekezaji mdogo, hata hivyo, mara nyingi huishia kwenye hasara, na sababu zake zinaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na kalenda. Ukinunua hisa leo, umiliki haubadiliki leo. Muamala huchukua muda kukamilika. Marekani, tangu 28 Mei 2024, ni siku 1 ya kazi, na katika masoko yetu ni siku kadhaa. Kwa hiyo kabla ya daftari kufungwa huwa kuna siku ya mwisho ya kununua ukiwa na haki ya gawio. Siku ya biashara inayofuata, hisa huuzwa bila gawio: anayenunua siku hiyo hatalipwa, na aliyeuza ndiye atakayelipwa hata kama hisa hana tena.

Sasa jiweke katika nafasi ya mnunuzi wa siku hiyo ya pili. Jana hisa ilikuwa shilingi 400 na ilibeba ahadi ya gawio la shilingi 24. Leo ni hisa ileile ya kampuni ileile, ila zile shilingi 24 zimeshatengwa kwa mtu mwingine. Ungelipa 400 tena? Mtu makini atatoa karibu 376. Hakuna anayeiadhibu kampuni kwa kulipa gawio. Fedha zilizokuwa sehemu ya thamani yake ziko njiani kwenda kwa wanahisa, na bei inaonyesha kilichobaki. Isingeshuka, kila mwenye fedha angenunua jana na kuuza leo, na msongamano huo wenyewe ungepandisha bei ya jana na kushusha ya leo mpaka nafasi itoweke.

Tufanye hesabu kamili. Chukua kampuni ya kubuni, hisa 1,000 kwa bei ya shilingi 400. Ada za dalali, soko na mamlaka zinazosimamia, kwa muamala mdogo, tuziweke asilimia 2 kwa kila upande. Unanunua kwa 400,000 na kulipa ada 8,000. Fedha iliyotoka mfukoni ni 408,000. Gawio ni 24,000. Kabla halijakufikia hukatwa kodi ya zuio: Tanzania ni asilimia 5 kwa kampuni iliyoorodheshwa DSE, na Kenya pia ni asilimia 5 kwa mkazi. Hiyo ni 1,200, nawe unapokea 22,800. Bei imeshuka hadi 376, unauza kwa 376,000 na kulipa ada 7,520. Jumla iliyorudi ni 391,280. Umepoteza 16,720.

Angalia hasara hiyo imetoka wapi. Gawio na anguko la bei vimefutana, 24,000 kwa 24,000. Kilichobaki ni ada 15,520 na kodi 1,200, yaani gharama tupu. Ungekuwa umemlipa dalali na serikali kwa ajili ya kurudishiwa fedha yako mwenyewe.

Hapo kodi ina upande mmoja unaouma zaidi. Kwa mwekezaji mdogo mkazi, faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa katika masoko haya mawili haitozwi kodi. Ni nafuu kubwa kwa anayeuza kwa faida. Lakini mwinda gawio anauza kwa hasara, na hasara ya kitu ambacho faida yake haitozwi haipunguzi kodi yoyote. Gawio lake linakatwa kama kipato kipya. Anguko la bei lililoandamana na gawio hilo halihesabiwi popote.

Msomaji makini atauliza: je, bei lazima ishuke kwa shilingi zote 24? Hapana. Mwaka 1970, Edwin Elton na Martin Gruber walichapisha uchunguzi wa hisa za Soko la New York na kukuta kwamba, kwa wastani, bei ilishuka kwa takriban asilimia 78 ya gawio. Walieleza pengo hilo kwa kodi: wakati huo gawio lilitozwa zaidi kuliko faida ya mtaji, basi shilingi ya gawio ilikuwa na thamani ndogo kuliko shilingi ya bei. Wengine baada yao wamebishana kuhusu sababu, lakini pengo lenyewe ndilo chambo cha wawindaji.

Je, pengo hilo lingemwokoa mwekezaji wetu? Ili asipate hasara, anapaswa kuuza kwa shilingi 393 na senti chache. Yaani bei isishuke hata shilingi 7, chini ya theluthi moja ya gawio. Wastani wa Elton na Gruber ungeishusha karibu shilingi 19. Ndiyo maana mchezo huu umekuwa wa wenye gharama ndogo sana au sababu za pekee. Kampuni za bima za maisha za Japani miaka ya 1980 zilinunua na kuuza hisa nyingi za Marekani kuzunguka tarehe za gawio, kwa sababu kanuni za kwao ziliwataka wawalipe wateja kutokana na mapato kama gawio na si kutokana na faida ya kuuza hisa. Kwao hasara ya bei ilikuwa gharama inayokubalika.

Kuna mtego mmoja wa masoko madogo ambao naona unawapoteza watu wengi. Mtu hufungua kumbukumbu za bei, akaona kwamba mwaka jana kaunta fulani ilikuwa 400 kabla ya siku hiyo na 400 baada yake, akahitimisha kwamba hapa kwetu bei haishuki. Kabla ya kuamini, tazama safu ya idadi ya hisa zilizouzwa. Kama imeandikwa sifuri, au hisa chache tu, basi ile 400 ni bei ya kufungia ya zamani iliyobaki ubaoni kwa sababu hakuna aliyefanya biashara. Weka oda ya kuuza hisa 1,000 kwa bei hiyo na huenda ikakaa wiki nzima bila mnunuzi. Utapata mnunuzi ukikubali kushuka, na pale ndipo anguko litakapoonekana, kwenye mauzo yako. Na wakati huo mtaji wako umefungwa, huku gawio lenyewe hulipwa wiki kadhaa baada ya daftari kufungwa.

Kwa ndugu walioko Marekani, ada si tatizo tena, kwani madalali wengi wa mtandaoni hawatozi kamisheni. Kodi ndiyo inayofanya kazi ile. Gawio hupata viwango vya nafuu, visivyozidi asilimia 20 katika kodi ya kawaida ya serikali kuu, endapo tu umeshika hisa kwa zaidi ya siku 60 ndani ya kipindi cha siku 121 kinachoanza siku 60 kabla ya siku ya kwanza ya kuuzwa bila gawio. Anayekaa nazo siku mbili hutozwa kama mshahara, hadi asilimia 37. Hasara ya bei anaweza kuitumia kufuta faida nyingine za mtaji, lakini ikizidi, ni dola 3,000 tu kwa mwaka zinazopunguza kipato kingine. Zinazobaki husubiri miaka ijayo. Anayewinda mara chache atasawazisha vitabu vyake. Anayefanya kila wiki hulimbikiza hasara ambazo hawezi kuzitumia zote, huku kila gawio likitozwa mwaka uleule.

Na anayenunua hisa za Marekani akiwa Dar es Salaam au Nairobi yuko pabaya zaidi. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo gawio hukatwa asilimia 30 kabla halijaondoka huko. Kwenye hisa ya dola 400 yenye gawio la dola 24, anapokea dola 16.80. Bei ikishuka dola 24, amepoteza dola 7.20 kwa kila hisa, hata kama dalali hakumtoza senti moja.