Kaka, nimeharibu: ujumbe unaomsaidia kinyozi

Vinyozi wengi wa mjini huwa na simu mezani, pembeni ya dawa ya kusafishia mashine, na siku hizi sehemu ya kazi yao inaanzia humo. Kati ya jumbe zinazoingia, kuna aina moja inayotambulika mara tu inapofunguliwa. Inaanza na salamu ndefu kuliko kawaida, halafu aibu, halafu picha moja ya giza: “Kaka, nimejinyoa mwenyewe, nimeharibu. Inarekebishika?”

Ujumbe huo haujibiki. Kinyozi hawezi kusema ndiyo wala hapana, kwa sababu hajaambiwa jambo moja ambalo marekebisho yote yanalitegemea: sehemu fupi kuliko zote ina urefu gani, na iko wapi kichwani. Mashine inajua kupunguza tu. Kinachoitwa kurekebisha ni ama kuzishusha nywele nyingine zifikie ile sehemu fupi, ama kuipanga ile sehemu fupi ndani ya mtindo ili ionekane ilikusudiwa.

Tuchukue mfano wa kijana wa Dar es Salaam mwenye sendofu ya dada yake Jumamosi. Alhamisi usiku anaamua kupunguza pembeni kwa mashine ya nyumbani. Juu anaacha kama zilivyo, milimita 13, ambazo kwenye mashine nyingi ni kitana namba 4. Pembeni anachomeka namba 2, yaani milimita 6. Upande wa kushoto unakwenda vizuri. Kulia, juu ya sikio, kitana kinachomoka huku mashine ikiendelea kunguruma, na meno matupu yanapita kwenye ngozi. Inabaki njia nyeupe, upana wa vidole viwili, yenye nywele za nusu milimita hivi.

Kuchomoka kwa kitana ndiko ajali inayoacha alama mbaya kuliko zote, kwa sababu urefu hauporomoki kidogo kidogo, unaporomoka mara moja. Makosa mengine huwa na sura tofauti. Nywele ambazo hazikuchanuliwa kabla ya kunyolewa huacha vichaka vidogo vidogo, maana zilizolala zimekwepa meno. Vichaka vya utosini, pale nywele zinapoota kwa kuzunguka, hutokea mtu anaponyoa kuelekea upande mmoja tu. Hayo kinyozi huyamaliza kwa dakika chache. Ile njia nyeupe ndiyo yenye hesabu.

Sasa kijana anaandika. Ujumbe wenye manufaa unaweza kuwa hivi:

“Habari za asubuhi, kaka. Jana usiku nilijinyoa nyumbani, kitana kikachomoka. Kulia juu ya sikio kuna njia ya vidole viwili, karibu ngozi tupu. Inaanzia sikioni na kupanda vidole vitatu, haijafika juu. Juu kuna namba 4, kushoto namba 2. Mbele sijagusa. Hakuna kidonda wala vipele. Nina sendofu kesho saa 12 jioni. Unaweza kuniona leo, na itakuwa shilingi ngapi?”

Sentensi hizo ni fupi, lakini kinyozi tayari anakiona kichwa. Neno lenye uzito kuliko yote ni “vidole vitatu”. Njia ikiishia hapo, inaingia vizuri ndani ya fedi, ule mtindo ambao nywele huanza fupi kabisa chini na kurefuka taratibu kuelekea juu. Kinyozi atashusha pande zote mbili, hata kushoto kusiko na kosa, hadi usawa wa mwisho wa ile njia. Juu yake atapitisha namba 1, milimita 3, kisha namba 2, kisha ataziunganisha na zile za utosini kwa kucheza na wenzo mdogo wa ubavuni mwa mashine. Kijana atakwenda kwenye sendofu na fedi ambayo hakuipanga, lakini wajomba hawatajua.

Kama njia ingepanda hadi karibu na utosi, jibu lingekuwa jingine. Fedi haiwezi kufika huko bila kuacha kofia ya nywele juu ya kichwa. Hapo kinabaki kushusha kichwa kizima, au kungoja.

Katika kungoja wengi hukosea hesabu. Nywele za kichwani hurefuka takriban sentimita moja na robo kwa mwezi, sawa na milimita 3 hivi kwa wiki. Mtu hufikiri kwamba baada ya wiki mbili pengo litakuwa limejifunga lenyewe. Halijifungi, kwa sababu nywele za jirani nazo zinakua kwa mwendo uleule, na tofauti inabaki palepale. Kinachopatikana kwa kungoja ni kitu kingine: ile sehemu ya nusu milimita, baada ya wiki moja, imefika milimita tatu na nusu. Siku hiyo kinyozi akipitisha namba 1 kichwa kizima, kila unywele unakuwa milimita 3 na njia imetoweka kabisa. Baada ya wiki mbili anaweza kutumia namba 2. Kwa hiyo tarehe ya shughuli inamwambia kinyozi ni urefu gani anaoweza kumwahidi mteja. Asiye na shughuli avae kofia wiki moja, atabaki na nywele nyingi zaidi.

Namba za vitana nazo zina mtego, kwa kuwa si kila mtengenezaji anafuata vipimo hivyohivyo. Mwenye shaka apige picha ya kitana chenyewe, milimita mara nyingi zimeandikwa juu yake. Picha za kichwa zipigwe mchana karibu na dirisha, nywele zikiwa kavu na zimechanuliwa, simu ikiwa usawa wa sikio: kulia, kushoto, mbele na kisogoni. Picha ya kujipiga kutoka juu, ambayo kila mtu huituma, inaonyesha utosi na kuficha pembeni kote.

Kwa dada aliyejikata nywele ndefu, maswali hubadilika. Fundi wa saluni atataka kujua kama zina dawa au ni za asili, na kama zilikatwa zikiwa mbichi. Nywele za asili zinazojisokota hurudi nyuma zinapokauka, wala hazirudi kwa kiasi kimoja kichwa kizima. Ncha zilizokuwa sawa bafuni zinaweza kupishana asubuhi. Atume picha akiwa amevuta na kunyoosha fungu fupi na fungu refu.

Mstari wa mbele ni habari nyingine. Aliyeuchonga nyumbani na kuusukuma nyuma upande mmoja hataki kusawazishiwa, maana kusawazisha ni kuusukuma na upande wa pili, na panja hubaki wazi. Kinyozi mzuri atamwambia auache wiki mbili au tatu, kisha auchore pale ulipoota.

Ile sentensi ya “hakuna kidonda wala vipele” si ya adabu tu. Kuna wakati mzazi anaandika kwamba amemharibu mtoto, kumbe duara lisilo na nywele, lenye magamba na kuwasha, ni mapunye. Hayo huambukiza kupitia mashine na vitana, na kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza ya wiki kadhaa kutoka kituo cha afya, si marashi pekee. Picha ya karibu humwezesha kinyozi kushtuka kabla mashine yake haijagusa kichwa hicho na kuhamia kwa mteja anayefuata.

Ijumaa asubuhi kijana anaweza kupata jibu la mstari mmoja: “Njoo saa 8, usipake mafuta, na hiyo mashine usiiguse tena.” Mafuta hugandisha vipande vya nywele kwenye meno. Bei itazidi kidogo ya siku zote, kwa kuwa kutafuta usawa wa pande mbili kwenye kichwa ambacho kimeshaguswa huchukua muda mrefu kuliko kunyoa kichwa kizima upya.