Sukari Imeshuka, au ni Hofu ya Ghafla?

Jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio hutokea sukari inaposhuka, na pia mtu anaposhikwa na hofu kali ya ghafla, kwa sababu katika hali zote mbili mwili humwaga adrenalini. Dalili hizo peke yake hazitoshi kuamua.

Cha kwanza kuulizia ni dawa. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi yumo hatarini kweli. Asiye na kisukari ni nadra sukari yake kushuka kiasi hicho. Tuseme mama amemeza glibenklamidi asubuhi, akaenda kulima bila kula. Saa tano jasho linamtoka na mikono inatetemeka. Tone la damu ya kidole likisoma chini ya 3.9 mmol/L, jibu limepatikana. Kama hana kipimo, achukulie kuwa ni sukari: akoroge vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, asubiri dakika 15. Hata ikiwa ni hofu, kiasi hicho hakitamdhuru.

Lakini kupata nafuu si ushahidi. Hofu hufika kileleni kwa dakika chache, kisha hutulia yenyewe. Sukari isiyotibiwa huzidi kushuka: ulimi unakuwa mzito, mtu anachanganyikiwa, hata kuzimia. Aliyezimia asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali. Glibenklamidi nayo hukaa mwilini kwa saa nyingi, hivyo baada ya nafuu mama huyo ale chakula na kupimwa tena siku hiyohiyo.