Barua ya mzazi kwa shule: mtoto mwenye pumu

Safari hii tunazungumza juu ya pumu, ambayo wengi wetu tunaiita asima, na hasa juu ya karatasi moja ambayo mzazi anapaswa kuifikisha shuleni. Tunaifahamu pumu nyumbani. Lakini mtoto anakaa shuleni nusu ya siku au zaidi, na mwalimu hajui kinachomshika wala afanye nini akibanwa.

Jirani yangu mmoja, mama aliyevuka Rusizi kutoka Bukavu, ana mtoto wa miaka tisa. Siku moja mtoto alibanwa kifua darasani. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, alimlaza chini kwenye mkeka na kumzunguka na wenzake wakimpepea. Pampu yake ya dawa ilikuwepo shuleni, lakini ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati la ofisi, na mwenye ufunguo alikuwa ametoka. Mama alipofika mtoto alikuwa hawezi kusema maneno mawili bila kuvuta pumzi. Namshukuru Mungu alipona. Baada ya hapo mama alikuja kwangu akaniomba tuandike barua.

Barua yake ya kwanza ilisema: "Mtoto wangu ana asima, muepusheni na vumbi na baridi." Nilimwuliza: mwalimu atafanya nini na maneno haya? Vumbi liko kila mahali, hasa kuanzia Juni hadi Agosti wakati wa kiangazi. Nikamwomba achukue daftari na aandike kwa wiki mbili kila mara mtoto anapokohoa usiku au kupiga mluzi kifuani, na kilichotokea mchana wake. Tulipolisoma tukaona mambo matatu. Siku ambazo zamu ya kufagia darasa ilikuwa yake, alikohoa usiku. Alipokaa karibu na jiko la shule, ambapo chakula cha wanafunzi kinapikwa kwa kuni, vilevile. Na kila alipopata mafua, siku ya pili au ya tatu kifua kilibana. Baridi yenyewe haikuonekana sana, isipokuwa asubuhi anapokimbia.

Hii ndiyo barua tuliyoiandika upya. Majina nimeyaondoa.

"Kwa mwalimu mkuu na walimu wote wa darasa la tatu.

Mtoto wangu ana pumu. Njia za hewa za kifua chake zinavimba na kubana haraka. Si ugonjwa wa kuambukiza, wenzake wasiogope kukaa naye.

Yanayomwanzisha ni haya: kufagia darasa kavu, na kufuta ubao akiwa karibu, moshi wa jiko na wa takataka zinazochomwa, mafua, na kukimbia kwa ghafla asubuhi yenye baridi. Naomba apewe kazi nyingine siku ya zamu, kama kuteka maji, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Naomba akae mbali na upande wa jiko. Michezo asizuiwe: aanze polepole, na kama daktari alivyosema, avute pampu dakika 15 kabla.

Pampu yake na chupa yake viko kwenye mfuko mwekundu. Mfuko huu ukae darasani, kwenye msumari nyuma ya mlango, usifungiwe kwa ufunguo. Mwalimu yeyote ana ruhusa yangu kumpa dawa bila kunitafuta kwanza.

Akianza kukohoa mfululizo, kupiga mluzi kifuani au kusema kifua kimebana: akae wima, asilazwe, na mtu mmoja akae naye. Tikisa pampu, ichomeke kwenye tundu la chupa, yeye aweke mdomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara nne. Rudia mpaka zitimie bonyezo nne. Subiri dakika nne. Kama hajapata nafuu, mpe nne nyingine kwa namna ileile.

Kama bado, au kama tangu mwanzo hawezi kumaliza sentensi, ngozi kati ya mbavu inaingia ndani, midomo inakuwa ya buluu au kijivu, au amelegea na kusinzia: piga 912 au mpelekeni kituo cha afya mara moja. Mkingoja, endeleeni na bonyezo nne kila dakika nne. Mkisikia mluzi umenyamaza huku bado anahangaika, hiyo si nafuu, ni hatari.

Simu yangu na ya jirani zimeandikwa chini."

Mwisho wa barua. Mwuguzi wa kituo aliisoma akahakikisha dozi, kwa sababu kila mtoto ana dozi yake. Na wewe fanya hivyo kabla ya kunakili. Kisha mwalimu mmoja aliitafsiri kwa Kinyarwanda, kwa kuwa si walimu wote wanasoma Kiswahili vizuri. Hesabu hii ya nne-nne inafundishwa katika shule za Australia, na nimeipenda kwa sababu mtu mwenye hofu anaikumbuka.

Sasa, chupa ni ya nini? Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, hivyo dawa nyingi inabaki mdomoni na kooni. Ikipita kwanza ndani ya chupa inafika kifuani. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha: utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kutolewa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya namna hii, ikizibwa vizuri kuzunguka pampu, inafanya kazi sawa na chombo cha dukani. Tundu hutobolewa kwenye kitako kwa waya wa moto, kwa umbo la mdomo wa pampu, kisha huzibwa kwa gundi pembeni hewa isitoke. Ioshe kwa sabuni na uiache ikauke yenyewe. Usiifute ndani kwa kitambaa, kwani dawa itaganda kwenye plastiki.

Walimu wengi wanaogopa kuzidisha dawa. Dawa ya kufungua kifua, iliyoandikwa salbutamol, inaweza kumfanya mtoto atetemeke kidogo na moyo uende mbio, na hayo hupita. Kumnyima wakati amebanwa ni hatari zaidi. Mara nyingi pampu yake ni ya buluu, lakini msitegemee rangi, someni jina. Kama mtoto ana pampu nyingine ya kutumia kila siku asubuhi na jioni, hiyo ibaki nyumbani, maana haifungui kifua kwa haraka na mwalimu anaweza kuzichanganya.

Jambo la mwisho ni pampu kuisha. Kopo la kawaida lina bonyezo 200, na linaendelea kutoa upepo hata dawa ikiwa imekwisha, kwa hiyo kulitikisa au kusikia sauti hakukuambii kitu. Mama huyu amebandika karatasi ndani ya ule mfuko mwekundu na mwalimu anaweka alama kila bonyezo. Ikifika 180 mfuko unarudi nyumbani, naye anakwenda kituo kuomba nyingine kabla Jumatatu haijafika.