Duka Limehama Mtandaoni, Mteja Ataaminije?

Tuseme duka la vitenge lililokuwa vitengemfano.com limehamia vitengemfano.co.tz. Mwenye duka anawatumia wateja ujumbe: tumehama, bonyeza hapa. Shida ni kwamba matapeli huandika hivyohivyo. Mteja mwangalifu ataufuta, na atakuwa amefanya jambo la busara.

Kwa hiyo ujumbe mzuri unampa mteja njia ya kuuhakiki bila kuuamini kwanza. Njia hiyo ni anwani ya zamani anayoijua. Nisingeweka kiungo cha kubonyeza, ningeandika hivi:

“Kuanzia Jumatatu tarehe 3 Machi duka letu la mtandaoni lipo vitengemfano.co.tz. Ukiandika anwani ya zamani, vitengemfano.com, itakupeleka kwenye mpya. Mara ya kwanza utatakiwa kuingia upya kwenye akaunti yako. Oda zako zipo. Namba zetu za simu na za malipo ni zilezile. Hatutakuomba neno la siri wala PIN kwa simu au kwa ujumbe.”

Sentensi ya kuingia upya ndiyo wengi huisahau. Kivinjari huhifadhi kumbukumbu za kuingia kwa kufuata anwani. Anwani ikibadilika, mteja anajikuta hatambuliwi, neno la siri halijijazi lenyewe, na pengine kikapu chake ni kitupu. Asipoambiwa mapema, atadhani amenasa kwenye duka la bandia.

Ahadi ya kwamba anwani ya zamani itampeleka kwenye mpya lazima iwe imetimizwa kabla ujumbe haujatoka. Fundi huweka elekezo la kudumu, ambalo mafundi hulitambua kwa namba 301. Liwekwe ukurasa kwa ukurasa: aliyehifadhi ukurasa wa kitenge fulani afike kwenye kitenge kilekile, si mlangoni akaanze kutafuta upya. Cheti cha usalama cha anwani ya zamani nacho kiendelee kuhuishwa. Kikiisha muda, kivinjari humwonya mteja kwamba tovuti si salama hata kabla ya kumhamisha, na hapo wengi hurudi nyuma. Jaribu kwa simu ambayo haijawahi kufungua duka hilo: andika anwani ya zamani ikitanguliwa na https://, utazame inakofikia.

Baada ya hapo, usiache kulipia jina la zamani. Google inashauri elekezo lidumu angalau mwaka 1 ili utafutaji uhamie kwenye anwani mpya, lakini mimi ningelilipia kwa miaka mingi zaidi. Jina likiachwa, mtu yeyote anaweza kulisajili, akajenga duka linalofanana na lako na kuwapokea wateja waliozoea kuliandika. Anaweza pia kupokea barua pepe zinazotumwa kwenye anwani zako za zamani, yakiwemo maombi ya kubadili neno la siri la akaunti ulizozifungulia huko. Akaunti hizo, kuanzia ya benki, zihamishie kwenye barua pepe mpya sasa, jina likiwa bado mikononi mwako.