Pilau ya Desemba, kodi ya Machi

Mwaka 2026, Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18, na Waislamu wakaanza kufunga Ramadhani wiki hiyo hiyo. Mwaka 2025 ilikuwa karibu sawa, na 2027 itakuwa hivyo tena. Kwa wapishi wa sherehe, wapambaji na washereheshaji wa Dar es Salaam, maana yake ni moja: harusi za Kikristo na za Kiislamu zinasimama kwa pamoja. Kumbi zilizogombewa Desemba hukaa zimefungwa wikiendi nzima, na masufuria hulala stoo.

Ukame huo hauji kwa kushtukiza. Tarehe za Kwaresma zinajulikana miaka mingi kabla, na Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Hata hivyo, biashara nyingi za chakula cha sherehe huyumba katika miezi hiyo, na chanzo mara nyingi ni kishika nafasi.

Tuchukue mfano wa mpishi wa kati, anayepewa harusi ya wageni 200 kwa shilingi 20,000 kila sahani. Jumla ni milioni 4. Nyama, kuku, mchele, matunda na viungo humaliza milioni 2. Vibarua, gesi, mkaa, gari na vyombo vya kukodi vinachukua milioni nyingine. Faida yake ni milioni 1, kama hesabu ya wageni haikuharibika.

Kamati ya harusi haimpi fedha hizo kwa mkupuo. Mhazini hutoa nusu kwanza, halafu anasubiri wachangiaji watimize ahadi zao. Mpishi anapokea milioni 2 wiki sita kabla ya sherehe, na Jumamosi hiyo ana harusi nyingine ambayo mhazini wake hajamalizia. Ananunua nyama kwa zile milioni 2. Baadaye kishika nafasi cha harusi ya tatu kinapikia ya pili, na cha nne kinapikia ya tatu. Novemba na Desemba mnyororo huu haukatiki, kwa kuwa kila wiki kuna kamati mpya inayolipa. Februari hakuna. Lakini harusi za baada ya Pasaka na za Mfungo Mosi zilizolipiwa nusu tangu Januari zinakuja, na fedha zake zimekwishaliwa na wageni wa watu wengine.

Dalili huonekana mapema kwa anayeitafuta. Kila Jumatatu mpishi ajumlishe vishika nafasi vya sherehe ambazo hajazipikia, kisha aangalie salio la benki na la simu. Salio likiwa dogo kuliko jumla hiyo, anaishi kwa deni la maharusi, hata kama kalenda yake imejaa. Dawa ni kuweka vishika nafasi kwenye akaunti ya peke yake, na kuandika kwenye mkataba kwamba malipo yote yakamilike siku saba kabla ya sherehe. Kamati hulalamika, lakini baada ya sherehe huvunjwa, na mpishi hubaki akimpigia simu mhazini asiyepokea.

Kwenye mkataba huo huo iandikwe pia nani atahesabu sahani. Kadi ya watu wawili huleta watatu, na saa nane usiku hakuna anayekubali kwamba walikula 230. Wanaojua kazi huzihesabu sahani safi mbele ya mjumbe wa kamati kabla ya bufee kufunguliwa, na zilizobaki huhesabiwa mbele ya mjumbe huyo huyo.

Sasa turudi kwenye faida. Mpishi wetu akipata sherehe 24 kwa mwaka, ana milioni 24, ingawa Desemba peke yake inaweza kumpa milioni 5 na Machi ikampa sifuri. Pango la stoo na mshahara wa msaidizi mmoja ni shilingi 800,000 kila mwezi, kuna sherehe au hakuna. Zinabaki milioni 14.4, yaani milioni 1.2 kwa mwezi. Akijilipa 800,000 kila mwezi, Desemba na Machi sawasawa, anabakiwa na akiba ya kodi na vyombo. Akiba hiyo ina kazi ya haraka: awamu ya kwanza ya kodi ya mapato hutakiwa mwisho wa Machi, mfuko ukiwa mkavu kuliko wakati wowote.

Miezi hiyo ina kazi zake pia, ila si za harusi. Makampuni huandaa futari kwa wafanyakazi na wateja. Shule nyingi hufanya mahafali ya kidato cha sita kabla ya mitihani ya Mei, na huko wageni hula wali, kuku na soda bila mapambo makubwa. Faida kwa sahani ni ndogo, lakini shule hujua idadi ya wahitimu wake. Barua za kuomba kazi hizo zinafaa kufika shuleni mapema Januari, kwa hiyo inabidi ziandikwe Desemba, katikati ya pilikapilika za harusi.