Mnunuzi Akilipa Nusu: Andika Salio na Tarehe

Leo tuzungumze juu ya yule mnunuzi ambaye mahindi yamekwisha pimwa, gari linangoja, halafu anasema, "Mzee, pokea hizi kwanza, zilizobaki nitakuletea." Unaweza kumkubalia, hasa kama mnafahamiana. Lakini kabla gunia halijapanda garini, toa daftari.

Tuseme umemuuzia magunia 10, na mizani imeonyesha kilo 1,000. Bei mliyopatana ni shilingi 700 kwa kilo, kwa hiyo jumla ni shilingi 700,000. Amekupa 400,000, zimebaki 300,000. Wengi wetu huandika hiyo ya mwisho peke yake: "Namdai 300,000." Ugomvi huanzia hapo. Mwezi ukipita, mwenzako atasema bei ilikuwa 650, na kwa hesabu hiyo deni ni 250,000 tu. Utamjibu nini, nawe hukuandika bei? Basi andika kilo, bei ya kilo, jumla, alicholipa na kilichobaki. Salio liandike kwa tarakimu na kwa maneno pia, "shilingi laki tatu tu", maana tarakimu moja ni rahisi kugeuzwa.

Sasa tarehe. Usikubali "baada ya mavuno" wala "mwisho wa mwezi". Mavuno ya nani? Mwezi upi? Muulize yeye mwenyewe atayauza lini hayo mahindi, halafu mpatane siku inayofuata hapo, mathalani tarehe 15 Septemba, na mwaka uandikwe. Tieni sahihi wote wawili; asiyejua kuandika aweke dole gumba. Awepo pia shahidi aliyeona fedha zikihesabiwa, naye atie sahihi. Ukiweka karatasi ya kaboni katikati, nakala moja anaondoka nayo, nyingine inabaki kwako.

Haya, tarehe 1 Septemba analeta 120,000. Usifute yale ya kwanza. Andika chini yake: tarehe, amelipa 120,000, zimebaki 180,000, na sahihi zenu tena, kwenye nakala zote mbili. Kama ametuma kwa simu, ujumbe unaonyesha kilichoingia, hauonyeshi kilichobaki, kwa hiyo daftarini andika vilevile.

Pengine siku ikifika ataomba aongezewe muda. Ukiridhia, piga mstari mmoja juu ya tarehe ya zamani, isomeke bado, andika mpya pembeni na wote mtie sahihi hapo. Na kama mtu humjui kabisa, dawa ni nyingine: zile 400,000 zinatosha kilo 571 hivi, yaani magunia 5 na zaidi ya nusu. Achukue 5, mengine yabaki ghalani mpaka alete fedha.

Siku anapomaliza, andika "Amemaliza, hadaiwi kitu", tarehe na sahihi. Karatasi hiyo usiitupe, na yeye asiitupe ya kwake.