Herufi Moja Iliyozidi

Shoga yangu wa Tanga anauza achari ya embe. Instagram alijiita achari.za.bimkubwa, akachapisha lebo kabisa. Alipofungua X akakwama: kule nukta haikubaliki, na jina mwisho herufi 15. Hata bila nukta, lake lina 16! Tukaing'oa “za”; ikabaki acharibimkubwa, herufi 14.

Safari hii hatukukimbilia kuchapisha. Tulitafuta jina hilo BRELA, tukaangalia kama acharibimkubwa.co.tz iko wazi, kisha tukafungua akaunti zote jioni ileile, hata ya TikTok asiyoitumia bado. Mwisho nikampigia dada yake, nikamtajia jina mara moja tu, aliandike. Alipatia. Lile la nukta alikuwa akiuliza, “Nukta ngapi, na wapi?”